Tukate Orodha Wapi? Ushauri kwa Watu wa Masoko Juu ya Kizingiti na Michoro Yake

Katika kazi ya kutafuta wateja kwa simu, mtaalamu wa takwimu humkabidhi mkuu wa masoko orodha ya majina, na mbele ya kila jina huwa imeandikwa namba iliyo baina ya sifuri na moja, nayo ni kadirio la uwezekano wa mteja huyo kuikubali bidhaa endapo atapigiwa. Na swali linalobaki, ambalo aghalabu huachiwa programu ilijibu pasipo mtu kutambua kwamba limejibiwa, ni hili: orodha ikatwe mahali gani, walio juu wapigiwe na walio chini waachwe? Namba hiyo ya mkato ndiyo tutakayoiita kizingiti. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba kizingiti hakitoki katika takwimu, bali hutoka katika daftari la gharama na faida, na kwamba michoro miwili ambayo watu wa masoko huletewa mezani, yaani mchoro wa mavuno na mchoro wa uzidifu, haisomeki sawasawa ila kwa daftari hilo kuwa wazi pembeni yake.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue jambo lililotokea. Benki moja ya Ureno, ambayo jina lake halikutangazwa, iliwapigia watu simu tangu Mei 2008 hadi Novemba 2010 ikiwashawishi waweke fedha zao katika amana ya muda maalumu, na kumbukumbu za kazi hiyo zikawekwa wazi na kuhifadhiwa katika hazina ya takwimu ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, ambako wanafunzi wa fani hii huzichukua hadi leo. Ndani yake mna wateja 45,211, na waliokubali ni 5,289, yaani kama 12 katika kila 100. Mwaka 2014, Sérgio Moro, Paulo Cortez na Paulo Rita walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za benki kama hiyo hadi mwaka 2013, wakaeleza kwamba modeli yao iliyofanya vizuri kuliko nyingine, iliyokuwa mtandao wa nyuroni, iliwawezesha kuwafikia asilimia 79 ya waliokubali kwa kuchagua nusu tu ya wateja, ile nusu iliyopangwa juu. Tutairudia kauli hiyo, kwa kuwa ni kauli ya mchoro wa mavuno, na ni rahisi kuielewa vibaya.

Sasa tuanze na daftari. Benki za namna hii hazitangazi gharama zao, kwa hiyo fedha nitakazozitaja ni za mfano, nimezipanga mimi ili hesabu ifuatike. Tuseme simu moja, tukihesabu mshahara wa mpigaji, laini na usimamizi, huigharimu benki yuro 1.60. Huenda mtu akakimbilia kuiandika namba hiyo kuwa ndiyo gharama, naye atakuwa amekosea, kwa sababu katika kumbukumbu zile za Ureno mteja mmoja mara nyingi alipigiwa zaidi ya mara moja kabla hajasema ndiyo au la, na ipo safu maalumu, inayoitwa `campaign`, inayohesabu ni mara ngapi aliguswa. Uamuzi wetu ni juu ya mteja wala si juu ya simu. Basi ikiwa kila mteja hupigiwa kwa wastani mara 2.5, gharama ya kumweka mtu mmoja katika orodha ni yuro 4. Kwa upande wa pili, tuseme amana moja iliyofunguliwa huiletea benki yuro 50, baada ya kutoa riba na gharama za uendeshaji lakini kabla ya kutoa gharama ya simu.

Kwa namba mbili hizo kizingiti kimekwisha kupatikana. Mteja ambaye uwezekano wake wa kukubali ni p, tukimpigia, tunatumaini kupata p mara 50, na tunalipa 4 kwa hali yoyote ile, akubali asikubali. Kumpigia kuna maana pale tu matumaini yanapozidi malipo, yaani:

```
p > gharama / faida
p > 4 / 50
p > 0.08
```

Wako wanaopendelea kuipanga hesabu hii kwa makosa mawili, kama alivyoieleza Charles Elkan katika makala yake mashuhuri ya mwaka 2001 juu ya kujifunza kwa mashine kunakozingatia gharama: kosa la kumpigia asiyetaka hugharimu 4, na kosa la kumwacha anayetaka hugharimu 46, maana ni 50 zilizopotea pungufu ya 4 ambazo hazikutumika, na kizingiti ni 4 kugawanywa kwa jumla ya 4 na 46, yaani 0.08 ile ile. Nimeitaja njia hii kwa sababu moja, nayo ni kwamba watu wengi huandika 50 pale penye 46, wakawa wameihesabu gharama ya simu mara mbili, na kizingiti chao kikateleza. Ukizifanya njia zote mbili na zisikubaliane, rejea daftari lako. Mna kitu kimehesabiwa mara mbili au kimesahauliwa.

Tuiweke 0.08 hii kando ya 0.5, ambayo ndiyo programu nyingi huitumia zisipoambiwa jingine. Hiyo 0.5 ina dhana ndani yake, kwamba kumpigia asiyetaka na kumwacha anayetaka ni makosa ya uzito mmoja, dhana ambayo hakuna mfanyabiashara angeitia saini akiulizwa waziwazi. Tuchukue wateja 10,000 ambao 1,200 kati yao wangekubali, na modeli inayofanana kwa nguvu na ile ya watafiti wa Ureno. Kwa kuwa wanaokubali ni wachache, ni nadra modeli kumpa mtu uwezekano unaozidi nusu. Tuseme wamepatikana 300, na 180 kati yao wakakubali kweli. Benki inapata yuro 9,000, inatoa 1,200 za simu, inabaki na 7,800. Lau benki hiyo isingekuwa na modeli yoyote, ikawapigia watu wote 10,000, ingepata 60,000, ikatoa 40,000, ikabaki na 20,000. Modeli njema iliyowekewa kizingiti kibaya imeleta faida ndogo kuliko kutokuwa na modeli kabisa, na ubaya wa jambo hili ni kwamba taarifa ya usahihi haitaufichua, kwa maana hata anayetabiri kwamba hakuna atakayekubali husadikiwa kuwa sahihi kwa asilimia 88.

Tuje kwenye michoro. Ili kuichora, wateja 10,000 hupangwa kuanzia mwenye uwezekano mkubwa hadi mwenye mdogo, kisha hugawanywa mafungu kumi ya watu 1,000, na katika kila fungu huhesabiwa waliokubali kweli. Kazi hii hufanywa kwa kumbukumbu ambazo modeli haikujifunzia, la sivyo mchoro huwa ni sifa ambayo modeli imejipa yenyewe. Tuseme fungu la kwanza lina waliokubali 420, la pili 220, la tatu 140, la nne 100, la tano 70, la sita 65, na yaliyobaki yanashuka polepole hadi la kumi lenye 35.

Mchoro wa mavuno, ambao programu huuandikia `Cumulative gains`, hujumlisha kadiri tunavyoteremka: fungu la kwanza limetupa 420 katika 1,200, yaani asilimia 35 ya wote waliopo, mawili yametupa asilimia 53, matano yametupa 950, yaani asilimia 79, na hiyo ndiyo kauli ile ya watafiti wa Ureno. Mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe huonyesha mavuno ya kuchagua watu kwa kura, ambako nusu ya watu hutoa nusu ya mavuno. Mchoro wa uzidifu, unaoandikwa `Lift`, hugawanya jambo lile lile kwa kura: katika fungu la kwanza waliokubali ni asilimia 42 ya watu wake pale ambapo kura ingetoa 12, kwa hiyo uzidifu wake ni 3.5, na mafungu matano kwa pamoja yana uzidifu wa 79 kwa 50, karibu 1.58.

Kabla hatujakwenda mbele, neno moja juu ya kima cha juu, kwani nimeona watu wakivunjika moyo kwa uzidifu wa 3.5 kwa kuwa wamesikia pengine kuna wa 20. Uzidifu hauwezi kuvuka moja kugawanywa kwa sehemu ya wanaokubali. Hapa wanaokubali ni 0.12, kwa hiyo hata modeli isiyokosea hata mara moja ingekomea 8.3, na fungu lake la kwanza, likiwa na watu 1,000 wote wakubalifu, lingetoa asilimia 83 tu ya mavuno, kwa kuwa wakubalifu ni 1,200 na hawaenei katika fungu moja. Uzidifu wa 20 hupatikana, kwa mfano, pale ambapo anayekubali ni mmoja katika mia, na hauna cha kukushindania.

Hapa tumefika kwenye kiini, nami naomba msomaji asimame kidogo. Mkuu wa masoko anapouona mchoro wa uzidifu uliojumlishwa, huona kwamba baada ya mafungu matano ungali 1.58, juu ya moja, na baada ya manane ungali juu ya moja, naye husema, tuendelee, modeli ingali inatusaidia. Au hutazama watu 5,000 waliopigiwa, akaona 950 wamekubali, asilimia 19, akailinganisha na kizingiti cha asilimia 8, akaridhika. Hoja zote mbili ni ghalati, na kosa lao ni moja: zinapima orodha nzima, ilhali uamuzi ulio mbele yetu si wa orodha nzima. Fungu la kwanza lingepigiwa hata hivyo. Linaloamuliwa ni fungu linaloongezwa mwishoni, na wema wa lililotangulia hauwezi kulitetea.

Basi tulipime kila fungu peke yake, kila moja likigharimu yuro 4,000. La kwanza laleta 21,000, faida yake halisi ni 17,000. La pili laleta 11,000, faida 7,000. La tatu laleta 7,000, faida 3,000. La nne laleta 5,000, faida 1,000. La tano laleta 3,500, nayo ni hasara ya 500; na yote yaliyo chini yake ni hasara zaidi. Tukikomea fungu la nne, benki imebaki na yuro 28,000. Tukiongeza la tano tunashuka hadi 27,500, na tukiwapigia wote tunarudi kwenye 20,000. Angalia sasa jinsi njia mbili zinavyokutana: katika fungu la nne waliokubali ni 10 kwa mia, katika la tano ni 7 kwa mia, na 8 yetu ya daftari imeangukia katikati yao. Kizingiti na mchoro ni mizani moja iliyosomwa kwa pande mbili, na zisipokutana ndipo pa kutia shaka.

Kwa sababu hiyo nawashauri watu wa masoko wadai kuletewa mchoro wa uzidifu wa kila fungu peke yake, si uliojumlishwa tu, na juu yake uchorwe mstari wa kizingiti ukiwa katika kipimo cha uzidifu: 8 kugawanywa kwa 12, yaani 0.67. Fungu lililo juu ya mstari linapigiwa, lililo chini linaachwa. Wengi watashangaa kwamba mstari umepita chini ya moja, na kwamba inafaa kumpigia mtu aliye dhaifu kuliko wastani; lakini ndivyo ilivyo pale ambapo hata kupiga kwa kura kungelipa, kama tulivyoona katika ile 20,000. Bidhaa ikiwa ya faida ndogo, tuseme yuro 20 kwa amana, kizingiti kinapanda hadi 0.20, mstari unapanda hadi 1.67, na mafungu mawili tu ndiyo yanayobaki, bila ya modeli kubadilika hata nukta moja.

Yaweza kuwa huna wapigaji wa kutosha. Ikiwa ofisi inamudu wateja 2,000 kwa mwezi, basi kizingiti chako kinawekwa na uwezo, wala si na daftari: unachukua 2,000 wa juu, unapata faida ya 24,000, na alama ya mtu wa elfu mbili ndiyo mkato wako. Hata hivyo daftari halikosi la kusema, kwani linakuonyesha kwamba wateja 1,000 wanaofuata wangeleta 3,000 juu ya gharama yao ya kawaida, na hiyo ndiyo hoja ya kwenda nayo kwa mkuu wa fedha unapoomba wapigaji wa ziada, au kutokwenda kabisa kama mafunzo yao yatagharimu zaidi ya hapo.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja: kwamba mtu aliyepewa 0.08 awe kweli ana uwezekano wa 8 katika mia. Mchoro wa mavuno hauwezi kukuhakikishia hilo, kwa kuwa unatazama mpangilio tu. Ukizigawa alama zote kwa kumi mchoro haubadiliki hata kidogo, lakini kizingiti chako kimekwisha haribika. Upotofu huu huingia mara nyingi kwa mlango unaofahamika. Mtaalamu, akiona wakubalifu ni wachache, huwapunguza wasiokubali katika kumbukumbu za kufunzia mpaka pande mbili zilingane, na modeli ikakua ikidhani kwamba nusu ya ulimwengu hukubali. Alama zake zote huwa zimevimba. Dawa yake si ngumu: badili alama iwe uwiano wa ndiyo kwa la, uzidishe kwa 12 kwa 88, kisha uirudishe kuwa uwezekano. Ukifanya hivyo utaona kwamba 0.5 ya modeli hiyo ni 0.12 ya kweli, na kwamba kizingiti chetu cha 0.08, katika alama zake zilizovimba, kinakaa karibu na 0.39. Aliyekata kwenye 0.08 pasipo kusahihisha atakuwa amewapigia karibu watu wote. Kuitambua hali hii hakuhitaji utaalamu: chukua kila fungu, weka wastani wa alama zake kando ya sehemu ya waliokubali kweli, na namba mbili hizo zikaribiane, hasa katika mafungu yaliyo jirani na mkato, kwa sababu makosa ya kule juu hayabadili uamuzi wowote.

Kuna na hatari nyingine, ambayo kumbukumbu za Ureno zinaifundisha vizuri kuliko kitabu chochote ninachokijua. Mna safu iitwayo `duration`, muda wa simu kwa sekunde, nayo inatabiri ajabu, kwani anayekubali huzungumza kirefu na anayekataa hukata upesi. Ukiitia ndani ya modeli, mchoro wa mavuno utapaa mpaka upendeze. Lakini muda wa simu haujulikani ila baada ya simu kwisha, na wakati huo jibu limekwisha kutolewa; katika siku ya kuchagua wa kumpigia, safu hiyo ni tupu. Waliozitoa kumbukumbu hizo wenyewe wameonya kwamba iondolewe katika modeli inayokusudiwa kutumika. Kwa hiyo mchoro ukikuvutia kupita matarajio, usianze na shangwe. Uliza kila safu, je, hii nitakuwa nayo asubuhi ya kupiga simu?

Kadhalika uliza mchoro ulichorwa kwa siku zipi. Kumbukumbu zile zilivuka anguko la fedha la mwaka 2008, na riba ya Euribor ya miezi mitatu, iliyopita asilimia 5 mwezi wa Oktoba mwaka huo, ilikuwa chini ya asilimia 1 kabla mwaka 2009 haujaisha. Kumbukumbu zimepangwa kwa tarehe. Ukizichanganya kabla ya kuzigawa, modeli itajifunza kutoka siku za usoni na kupimwa kwa siku zilizopita. Ifunze kwa miezi ya awali, ichore kwa miezi ya mwisho, na uridhike na mchoro mnyonge utakaoupata, kwa kuwa huo ndio utakaokutana nao kazini.

Mwisho nina jambo ambalo michoro hii haiwezi kulisema kamwe, hata ikichorwa kwa uangalifu wote. Inahesabu waliokubali baada ya kupigiwa, haihesabu waliokubali kwa sababu ya kupigiwa. Tuseme katika fungu la kwanza watu 150 wangefungua amana wenyewe, kwa kupita tawini wiki ile ile. Basi simu zetu zimeleta 270, si 420, na faida ya fungu hilo ni 9,500, si 17,000. Bado ni njema. Lakini katika fungu la nne, ambalo faida yake yote ni 1,000, wakitokea watu 21 tu wa namna hiyo, kumi katika mia hushuka hadi 7.9, chini ya kizingiti, na fungu lililokuwa la kupigiwa huwa la kuachwa. Njia ya kujua ni moja: katika kila fungu lililo juu ya mkato, chagua kwa kura watu mia chache, usiwapigie, na uhesabu wangapi wamefungua amana wenyewe, na kwa kuwa watu mia chache wa fungu moja hutoa namba inayoyumba, jumlisha kampeni mbili au tatu kabla hujausogeza mkato. Mkuu wa mauzo atalalamika kwamba umemnyima wateja walio tayari. Mwonyeshe hesabu ya fungu la nne, na umwombe hao wachache.